Waraka wa Biharusi kwa Mamaye: Mkaja, Haya na Karatasi Kisiwani Mafia

Katika ndoa ya Kiislamu, kama inavyofungwa Mafia na pwani nzima, maneno yenyewe ya ndoa ni machache na yote husemwa na wanaume. Walii, ambaye aghalabu ni baba wa biharusi, humwoza binti yake. Bwana harusi hukubali. Mashahidi wawili husikia. Khatibu huomba dua. Hayo hutendeka msikitini au barazani. Biharusi yumo chumbani, ametiwa hina, amefunikwa, anasubiri. Kabla ya hapo huwa amekwisha ulizwa kama ameridhia, naye akiwa mwanamwali hahitaji kutamka neno: kimya chake huhesabiwa idhini. Na mama mzazi, aliyemchukua tumboni miezi tisa na kumlea miaka yote hiyo, hana neno hata moja analotakiwa kulisema ndani ya akadi.

Makala haya yanahusu neno ambalo halimo katika akadi, yaani maneno machache ambayo biharusi humwandikia mamaye asubuhi ya harusi, kwa siri, kumshukuru na kumwaga. Nimependa kuyafuata maneno hayo katika historia, kwa sababu waraka mdogo wa namna hiyo haukuwezekana siku zote. Ulihitaji binti ajue kuandika, ulihitaji mama ajue kusoma, na ulihitaji jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa mdomo. Jambo hilo la tatu lilikuwapo tangu zamani. Mawili ya kwanza yalichelewa sana kufika visiwani.

Tuanze na zamani. Wazee wetu hawakumsahau mama. Walimkumbuka kwa nguo. Katika ada za harusi, mbali na mahari ambayo ni haki ya mke mwenyewe, bwana harusi hutakiwa kutoa kilemba cha baba, na kwa mama hutoa mkaja, na pengine mbeleko. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapishwa mwaka 1903, alieleza kwa urefu ada za ndoa kama zilivyokuwa Bagamoyo na mrima wake. Kamusi za zamani za Kiswahili nazo hazikuacha kuyataja maneno haya mawili, kila moja kwa maana zake mbili: nguo yenyewe, na zawadi ya harusi apewayo mama.

Mkaja ni ukanda wa nguo anaofungwa mwanamke tumboni baada ya kujifungua, ili mwili urudi mahali pake. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Mimi niliyezoea kufasiri mashairi nimewahi kukwama hapa, kwani katika lugha ya kigeni mtu ataandika tu kwamba mama mkwe alipewa zawadi, na maana yote ikamwagika. Zawadi hiyo inataja jina la kazi iliyofanywa. Anayepewa mkaja anaambiwa: tunajua kwamba tumbo lako lilifungwa kwa ajili ya huyu tunayemchukua. Anayepewa mbeleko anaambiwa: tunajua mgongo wako ulimbeba. Siku hizi mara nyingi mkaja hutolewa kwa fedha, ukaandikwa katika orodha ya posa pamoja na ada nyingine, lakini jina halikubadilika, na maadamu jina lipo deni linatajwa.

Walakini tuangalie vizuri ni nani anayelipa. Anayelipa ni mume na jamaa zake. Shukrani ya mkaja hutoka upande wa pili na kuingia mikononi mwa mama kupitia kwa washenga. Binti mwenyewe hana alichotoa wala alichosema. Kuna nafasi hapo iliyobaki wazi, na ndiyo nafasi ya waraka wetu.

Mtu atauliza: kwa nini binti asiende tu akamwambia mama yake? Jibu ni haya. Katika ada zetu mama mzazi hamfundishi binti yake mambo ya unyumba. Kazi hiyo amepewa somo au kungwi, mwanamke mwingine mwenye umri na uzoefu, ambaye humfunda mwari, humsinga, humtia hina, na siku ya harusi huwa ubavuni pake. Mambo ya ndoa yanapokaribia, mama na binti huanza kukwepana macho. Mama hujitia kazini: mchele, nazi, viungo, wageni waliokuja kwa mashua na wanaotaka pa kulala. Binti hujifungia na somo wake. Si kwamba hawapendani. Ni kwamba kila mmoja anajua analolijua mwenziwe, na haya imekaa katikati yao kama pazia. Basi asubuhi ya harusi, ambayo ndiyo saa ya mwisho ya binti kuwa wa nyumba ile, ndiyo pia saa ambayo hawawezi kuzungumza.

Pazia hilo liliwahi kupasuliwa mara moja kwa namna ambayo pwani nzima inaikumbuka, lakini kutoka upande wa mama. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi. Mume alikuwa amefariki miaka miwili nyuma na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Haukupita muda mrefu naye akafariki. Katika beti kama mia na mbili alimwambia binti yake yale ambayo kwa kawaida angeyaacha kwa somo: namna ya kukaa na mume, kuhifadhi ulimi, kuwaheshimu watu. Na jambo la kwanza alilomwomba lilikuwa alete wino na karatasi. Kifo ndicho kilichomruhusu mama yule kuivuka haya, na ushairi ndio uliomfichia uso.

Msomaji wa utendi ule husikia mama akisema tangu mwanzo hadi mwisho. Jawabu la Mwana Hashima hatunalo. Binti aliyeitwa alete karatasi aliishi hadi uzee mkubwa, akafika karne ya ishirini, na utendi wa mamaye ukachapishwa na kufasiriwa akiwa tayari bibi kizee au amekwisha kwenda. Lakini karatasi iliyotoka kwa binti kwenda kwa mama haikutufikia.

Sababu moja ni kwamba wasichana wengi wa zamani walifundishwa kusoma bila kufundishwa kuandika. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mtu wa leo husahau. Chuoni mtoto wa kike alihitimu Kurani, akaijua herufi kwa jicho na kwa ulimi, lakini kalamu ilionekana kuwa hatari mkononi mwake, kwani angeweza kumwandikia mtu asiyestahili. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ikiwa binti wa mfalme aliiba elimu hiyo, tusemeje juu ya binti wa mvuvi wa Jibondo? Na tazama mambo yalivyomwendea Salme: mamaye, Jilfidan, alifariki mwaka 1859 kwa kipindupindu, yeye akaondoka Unguja mwaka 1866, akafunga ndoa Aden tarehe 30 Mei 1867 na Mjerumani aliyempenda. Kalamu aliipata, lakini asubuhi ya harusi yake hakuwa na mama wa kumwandikia wala nyumba ya kuiaga.

Sasa tufike Mafia. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini Tanzania, na mwaka huo ulipokuwa unakwisha Rais Nyerere alizitaja wilaya sita ambazo zilitakiwa kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Mafia ilikuwa mojawapo, pamoja na kisiwa kingine, Ukerewe. Kisiwa kidogo kilikuwa rahisi kupimika: watu wake wanahesabika, hawahamihami, na mipaka yake imechorwa na bahari.

Hesabu za serikali zilihusu herufi za Kirumi. Wanawake wengi waliohesabiwa kuwa hawajui walikuwa wamepita chuoni na kuzijua herufi za Kiarabu kwa kusoma. Hawakuanza na giza tupu. Walikuwa wakibadilisha mkono wa kuanzia mstari, kutoka kulia kwenda kushoto. Kisomo chenyewe kiliitwa chenye manufaa, na vitabu vyake vilizungumzia ukulima, afya na malezi. Mwanamke alisoma jioni, baada ya kusuka ukili au kukuna nazi, akitamka silabi za mbolea na maji safi. Hakuna kitabu kilichomfundisha kuisoma barua ya mwanawe. Lakini herufi zikishaingia hazichagui cha kusoma. Katika nchi nzima, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa karibu theluthi mbili wakati wa hesabu ya mwaka 1967. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ukaonyesha wamebaki 39 katika kila mia, na ule wa mwaka 1977 ukaonyesha 27. Mwaka huo huo wa 1977 elimu ya msingi ikaanza kuwa ya watoto wote, wa kike na wa kiume.

Mtu akiziweka tarehe hizo mbili bega kwa bega ataiona njia ya waraka. Mama aliyejifunza herufi mwaka 1971 akiwa na mtoto mgongoni, mtoto huyo akaingia darasa la kwanza mwaka 1977 au karibu yake, alikuwa na binti wa kuolewa kabla ya mwaka 1990. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza kwa watu wa kawaida wa kisiwani, binti aliyejua kuandika alipata mama aliyejua kusoma. Kabla ya hapo waraka ungehitaji msomaji wa tatu, na waraka wa siri wenye msomaji wa tatu si wa siri tena. Angesomewa mama na mtoto wa jirani aliye shuleni, na kufikia adhuhuri wapishi wote wangekuwa wamekwisha uhifadhi.

Tena yapo ya kuangaliwa katika neno kuondoka. Nyimbo na hotuba za harusi hupenda kusema binti anakwenda moja kwa moja, kama jiwe lililotupwa kilindini. Hali ya Mafia haiko hivyo. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyefika kijiji cha Kanga kaskazini mwa kisiwa mwaka 1965 na kurejea mara kadhaa katika miaka iliyofuata, ameeleza kwamba ukoo huko hufuatwa kwa pande zote mbili, kuumeni na kukeni, na kwamba mwanamke huwa na mali yake mwenyewe, ikiwamo minazi. Mke anapokwenda kwa mume, minazi yake haiendi. Inabaki na mizizi yake kijijini kwao, na yeye ana sababu ya kurudi. Ndoa nazo huvunjika. Talaka si jambo geni, na mwanamke aliyeachwa hurudi kwao bila kuuliza kama mlango umefungwa.

Zaidi ya hayo, mimba ya kwanza humrudisha. Ni ada iliyoenea pwani kwamba mke hujifungulia mtoto wa kwanza kwa mama yake, akakaa huko hadi siku arubaini. Na ni nani atakayemfunga mkaja siku hizo? Ni mama yule yule aliyepewa mkaja siku ya harusi. Nguo aliyolipwa kwa kazi ya zamani humngojea kwa kazi mpya. Kwa hiyo biharusi anayeandika kwamba anaaga hasemi kwamba haonekani tena. Anachokiaga ni cheo chake cha utoto. Atarudi nyumba ile akiwa mgeni mwenye mume, na kisha mzazi, lakini hatarudi akiwa yule aliyekuwa akiamshwa akachote maji.

Waraka wa namna hii, ukitaka kuutambua mzuri na usiofaa, utazame mambo matatu. La kwanza ni salamu: unaanza na shikamoo, kwa sababu asubuhi ile huenda binti asipate nafasi ya kuitoa kwa mdomo. La pili ni shukrani, nayo haina budi kutaja jambo lililotendwa, jinsi mkaja unavyotaja tumbo na mbeleko inavyotaja mgongo. Waraka unaosema tu kwamba hakuna kama mama umenakiliwa kutoka kwenye kanga, na kanga mama anazo tele. La tatu, na ndilo lililo zito, ni radhi. Kushukuru ni kusema nimepokea. Kuomba radhi ni kusema nimekosa, nisamehe, uniache niende nikiwa halali. Kwetu mtoto huomba ahalalishiwe maziwa aliyonyonya. Binti anayeshukuru bila kuomba radhi amefanya adabu ya mgeni aliyekula akaondoka.

Ili msomaji aone sura yake, nimetunga mwenyewe mfano mmoja, wa binti wa Chole anayeolewa Kilindoni. Si wa mtu niliyemjua, bali mambo yake ni ya kisiwani.

"Mama yangu, shikamoo. Nakuandikia kwa kuwa nimesikia sauti yako jikoni tangu alfajiri na najua leo hutaniangalia usoni, wala mimi sitaweza. Nakushukuru kwa makuti. Mwaka ule baba alipokaa Songosongo bila kuleta habari, ulisuka makuti usiku kucha ukanunua sare yangu, ukaniambia fedha zimetoka kwa baba. Nilijua, kwa sababu niliona vidole vyako. Sikusema, nawe hukusema. Nakushukuru kwa siku za bamvua ulizokwenda kutafuta pweza ukiwa na homa. Mama, niwie radhi kwa siku ile ya kisimani niliyokujibu mbele za watu. Hukunipiga wala hukunitajia tena, na hilo ndilo lililoniumiza. Nihalalishie maziwa yako. Mkeka wangu mpe mdogo wangu, lakini minazi yangu miwili ya nyuma ya nyumba usimwachie mtu akaiangua bila wewe kujua. Nitakuja kuitazama. Mwanao."

Nimeweka minazi mwishoni makusudi. Biharusi wa Mafia anayesema minazi yangu anasema kwamba ana mahali pa kurudi, na mama atausoma mstari ule na kupumua. Haukutaja mapenzi, wala mume, wala hofu ya usiku wa leo. Mambo hayo ni ya somo, na waraka unaoyaingia huivunja haya ambayo ndiyo iliyouzaa. Kadhalika waraka si mahali pa kulalamikia ndoa. Binti asiyeridhia inampasa aseme kabla ya akadi, kwa walii au kwa khatibu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, iliyopitishwa mwaka 1971, mwaka ule ule wa kisomo cha Mafia, inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Karatasi iliyosomwa na mama saa nne asubuhi, wageni wakiwa wamekwisha vuka, haiwezi kumwokoa mtu. Itamwachia mama donge tu.

Namna ya kuufikisha nayo ni elimu. Ukipewa somo, huenda akaufungua. Ukitumwa mtoto, ataupoteza penye pilau. Mahali pa salama ni pale ambapo mama pekee ataweka mkono siku ile: ndani ya kunjo la kanga atakayovaa kwenda kupokea wageni, au chini ya msahafu wake.

Nyaraka hizi hazimo katika maktaba yoyote, na si ajabu. Karatasi ya daftari haidumu katika unyevu wa kisiwa. Mchwa na chumvi huimaliza. Daftari za yule mwanakijiji wa Mafia aliyemwandikia Caplan habari za kila siku, ambazo ziliingia katika kitabu kilichotoka mwaka 1997, zilisalimika kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuzichukua na kuzihifadhi. Waraka wa biharusi haukuandikwa uhifadhiwe na mgeni. Siku hizi wengi huuandika kwenye simu, na simu ikizama baharini au ikibadilishwa, waraka nao umekwenda.

Lakini wapo wanawake visiwani ambao katika kasha, katikati ya vyeti na hati za minazi, wana kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Kwa atakayekiona baada ya wao kuondoka, aanze kwa kutazama kama kimeomba radhi, kisha akirudishe kwa binti aliyekiandika kabla hajakionyesha kwa mtu. Huenda binti huyo mwenyewe sasa ana mkaja wake aliopewa, na binti yake yumo chumbani, ametiwa hina, anatafuta kalamu.